"Hajafunga Ndoa Kanisani" Haina Maana "Hajaoa"

Kila likizo tunaporudi parokiani, sisi waseminari tunapewa kazi ndogondogo za ofisi: kunakili majina kwenye vitabu, kutafuta vyeti vya ubatizo vya zamani, na kuandaa rasimu za barua ili paroko azisome na kuweka saini. Miongoni mwa barua hizo ipo moja inayoombwa na vijana wanaotaka kuoa au kuolewa na wageni kutoka ng'ambo. Kijana anahitaji paroko aandike kwamba hajaoa. Barua hiyo anaipeleka serikalini au anaituma kwa mchumba wake Ulaya, ambako itaambatana na nyaraka nyingine mpaka siku ya kuomba viza.

Barua hiyo huwa na mistari mitatu tu, na kwa sababu ni fupi tunaichukulia kuwa nyepesi. Hoja yetu katika makala hii ni kwamba si nyepesi. Paroko anapoandika "hajaoa" wakati anachokijua ni kwamba kijana hajafunga ndoa kanisani, anasema jambo asilolijua. Anayeumia kwanza mara nyingi ni mwanamke aliyebaki kijijini na mtoto, ambaye hatajwi popote katika barua ile. Ubalozi na mgeni hufuata baadaye.

Tuanze na cheti chenyewe. Nchi nyingi, kabla ya kukubali raia wake aoane na mgeni, hutaka uthibitisho kwamba hakuna jambo la kisheria linalowazuia. Huku kwetu uthibitisho huo tunauita cheti cha kutokuwa na pingamizi la ndoa, na kwa Tanzania Bara hutolewa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Cheti hiki si ruhusa ya kuishi Ulaya na hakiahidi viza. Kinasema jambo moja tu: kwamba kwa sheria ya nchi iliyokitoa, mtu huyu yuko huru kufunga ndoa. Viza ya mwenza huombwa baadaye, baada ya ndoa, kwa cheti cha ndoa. Lakini cheti hicho cha ndoa kina nguvu kama kile cha mwanzo kilisema kweli. Msingi ukiwa wa uongo, yote yaliyojengwa juu yake yanayumba.

Tuchukue mfano wa kutunga, ingawa wengi watauona wa kawaida. Kijana Mkatoliki wa mkoa wa Kilimanjaro anafanya kazi ya kuongoza watalii. Amechumbiana na mwanamke Mjerumani, naye ni Mkatoliki. Wameamua kufunga ndoa parokiani kwa kijana, kisha kijana aombe viza ya mwenza kwenda Ujerumani. Kijana huyu aliishi miaka minne na msichana wa kijiji jirani. Wazee walikutana, sehemu ya mahari ikapokelewa, mtoto akazaliwa, majirani wakamwita msichana yule mke wa fulani. Hawakwenda kanisani wala kwa mkuu wa wilaya. Miaka miwili iliyopita walitengana, msichana akarudi kwao na mtoto. Hakuna karatasi yoyote iliyoandikwa.

Kwa upande wa Ujerumani, bibi arusi anahitaji cheti chake cha kuthibitisha kwamba anaweza kufunga ndoa ng'ambo. Anakiomba katika ofisi ya usajili wa ndoa ya mji anakoishi. Ofisi hiyo haimchunguzi yeye peke yake, inamchunguza pia mwanamume anayetaka kuolewa naye. Ndiyo maana kijana wetu anaambiwa atume cheti cha kuzaliwa, nakala ya pasipoti na uthibitisho kwamba hajaoa, vyote vikiwa na tafsiri ya Kijerumani. Cheti kikishatolewa kinaishi miezi sita tu. Wasipofunga ndoa ndani ya muda huo, bibi arusi anaanza upya.

Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka wachumba watoe taarifa ya nia ya kufunga ndoa angalau siku 21 kabla ya arusi. Taarifa hiyo inatangazwa, na katika siku hizo mtu yeyote mwenye sababu ya kisheria anaweza kuweka pingamizi. Padre mwenye leseni ya kufungisha ndoa anatenda mambo mawili kwa wakati mmoja: anashuhudia sakramenti kwa niaba ya Kanisa, na anafungisha ndoa inayotambuliwa na serikali. Wenzetu wa Ujerumani hawana jambo hili. Tangu mwaka 1876 ndoa inayotambuliwa na dola la Ujerumani hufungwa mbele ya ofisa wa serikali, na ile ya kanisani haina nguvu ya kiserikali. Kwetu padre ameaminiwa kazi zote mbili, kwa hiyo hawezi kusema kwamba mambo ya serikali hayamhusu.

Sasa kijana anakuja ofisini kuomba barua. Tunafungua kitabu cha ubatizo. Kanuni ya 535 ya Sheria ya Kanisa inaagiza kwamba ndoa ya mbatizwa iandikwe pembeni mwa jina lake, na kanuni ya 1122 inamtaka paroko wa mahali ndoa ilipofungwa atume taarifa kwenye parokia alikobatizwa. Tunatazama pembeni mwa jina la kijana wetu, pako peupe. Hajafunga ndoa ya Kikatoliki. Kwa kuwa Mkatoliki anatakiwa kufunga ndoa mbele ya padre au shemasi na mashahidi wawili, yale maisha ya miaka minne hayakumfunga kwa kifungo cha ndoa mbele ya Kanisa. Mpaka hapo kitabu kimesema kweli.

Kosa linaanza tunapohamisha jibu la kitabu hiki kwenda kwenye swali la serikali. Sheria ya Ndoa inatambua ndoa zilizofungwa kwa njia nne: kiserikali, kwa dini ya Kikristo, kwa dini ya Kiislamu, na kwa mila. Ndoa ya mila haihitaji padre. Zaidi ya hapo, sheria hiyo hiyo inasema kwamba ndoa iliyotimiza masharti mengine haibatiliki kwa sababu tu haikusajiliwa. Kwa hiyo kutokuwa na cheti cha ndoa si sawa na kutokuwa na ndoa. Sisi tunaosoma mantiki darasani tunafundishwa kwamba kukosekana kwa ushahidi wa jambo si ushahidi kwamba jambo halipo. Hapa kanuni hiyo inatoka darasani na kuingia nyumbani kwa watu.

Kuna pia kifungu cha 160, kinachofahamika kwa jina la dhana ya ndoa. Kinasema kwamba ikithibitika mwanamume na mwanamke wameishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, katika hali iliyowafanya waonekane kwa watu kuwa mume na mke, sheria itachukulia kwamba walioana kihalali, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Dhana hii inaweza kukanushwa, kwa mfano ikionyeshwa kwamba mmoja wao alikuwa na ndoa nyingine. Lakini anayetaka kuikanusha ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha, na mahali pa kuthibitishia ni mahakamani. Kijana wetu aliishi na mwenzake miaka minne, wazee wanajua, majirani wanajua, mahari ilipokelewa. Je, ameoa au hajaoa? Jibu la kweli ni kwamba sisi hatujui, na paroko hajui. Mwenye kuweza kulijibu ni mahakama.

Jibu hilo lina uzito kuliko tunavyodhani, kwa sababu sheria inakataza mtu aliye katika ndoa ya mila kufunga ndoa ya mke mmoja na mtu mwingine wakati ile ya kwanza ingali hai. Ndoa ya kanisani ni ya mke mmoja. Ikija kubainika kwamba ndoa ya kwanza ilikuwepo, ile ya parokiani itahesabiwa batili machoni pa serikali, hata kama ilifungwa na padre mwenye leseni mbele ya umati. Mjerumani aliyevuka bahari akiwa na cheti halali cha nchi yake atajikuta hana mume kisheria, na viza iliyoombwa kwa cheti hicho cha ndoa haina pa kusimama.

Kuna watakaosema kwamba haya yote yanaweza kupita bila mtu kujua. Wakati mwingine hupita. Lakini tuangalie ni wapi hukwama. Kwanza ni katika zile siku 21: mama wa mtoto anasikia tangazo, anaweka pingamizi, na shauri linapelekwa mahakamani huku cheti cha miezi sita cha bibi arusi kikiendelea kuhesabu siku. Pili ni wakati wa maombi ya viza. Ofisa wa ubalozi mwenye shaka anaweza kuagiza nyaraka zihakikiwe zilikotoka, au kuwahoji mume na mke kila mmoja peke yake. Mke akiulizwa kama mumewe aliwahi kuishi na mwanamke mwingine, na mume akaulizwa hivyo hivyo, majibu mawili yasiyolingana yanatosha kufungua faili upya. Tatu, miaka mingi baadaye, mtoto wa kwanza anapodai matunzo au urithi, na wakili anauliza baba yake aliapa nini siku ya kuomba cheti. Kusema uongo katika kiapo ni kosa la jinai, na kosa hilo halisahauliki kwa kuwa arusi ilipendeza.

Hata hivyo, hofu ya kukamatwa si sababu yetu kubwa. Tunamfikiria yule msichana. Kifungu cha 160 kiliwekwa kwa ajili ya watu kama yeye. Sheria inasema kwamba hata mahakama ikiona hapakuwa na ndoa, bado mwanamke aliyeishi katika hali hiyo anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto. Ikionekana kwamba ndoa ilikuwepo, ana haki pia ya kuomba mgawo wa mali walizochuma pamoja. Sasa paroko anapoandika kwa muhuri wa parokia kwamba mwanamume huyu hajawahi kuoa, anampa mwanamume karatasi ya kwenda nayo mahakamani dhidi ya mwanamke huyo. Naye ni muumini wetu vilevile. Labda anasali katika kigango cha parokia hiyo hiyo, na mtoto wake ameandikwa katika kitabu kile kile tulichokifungua.

Kanisa limeliona jambo hili zamani. Kanuni ya 1071 inataja ndoa ambazo padre hapaswi kuzishuhudia bila ruhusa ya askofu mahalia, isipokuwa kwa dharura. Mojawapo ni ndoa ambayo sheria ya nchi haiwezi kuitambua. Nyingine ni ndoa ya mtu mwenye wajibu wa asili kwa mwenzi au kwa watoto waliotokana na muungano wa awali. Kijana wetu anaweza kuwa chini ya zote mbili. Yaani Kanisa lenyewe, hata likimwona huru kwa upande wa kifungo cha ndoa, linasema: ngoja kwanza, yuko mtoto, nani atamlea? Tunasikitika kuona kwamba katika mafundisho ya ndoa tunazungumza sana vizuizi vinavyobatilisha, na kanuni hii inapitwa haraka kwa sababu "haibatilishi". Haibatilishi ni kweli, lakini inamfungulia paroko mlango wa kuuliza swali ambalo kila mtu amelikwepa.

Tunajua pingamizi la upande wa pili, na lina uzito wake. Mapadre wengi wanaandika barua hizi kwa huruma. Kijana ni maskini, amepata mtu anayempenda, na taratibu ni ndefu na za gharama. Kumwambia aende mahakamani ni kama kumfungia njia. Tunaielewa huruma hiyo, lakini tunauliza inamwendea nani. Anayepokea ni yule aliyekaa kwenye kiti mbele yetu, na anayelipa ni yule asiyekuwepo. Tena hata kwa kijana mwenyewe barua ya namna hiyo ni mkopo utakaodaiwa akiwa ugenini, mbali na ndugu, mikononi mwa sheria asiyoijua na lugha anayojifunza.

Basi afanye nini? Kwa mfano wetu, mambo yanategemea mpangilio zaidi kuliko fedha. Watu wengi huanza na cheti cha mgeni kwa sababu ndicho kinachoonekana kigumu, kisha yanayohusu huku kwetu yanaachwa mpaka wiki za mwisho. Inafaa iwe kinyume chake. Tuseme wachumba wanataka arusi Jumamosi tarehe 18 Aprili 2026, baada ya Pasaka. Kama bibi arusi atapata cheti chake tarehe 12 Januari, kitakufa tarehe 12 Julai. Taarifa ya siku 21 inapaswa kuwa imetolewa kufikia tarehe 28 Machi. Ratiba hiyo inatosha kabisa kama kijana hana la kumaliza nyuma yake. Lakini kama analo, miezi sita haitoshi. Kwa hiyo swali la maisha yake ya awali liulizwe kabla Mjerumani hajaomba chochote.

Majibu yanaweza kuwa ya aina tatu. Akisema alizaa mtoto lakini hakuwahi kuishi na mama yake wala kupeleka mahari, basi kupata mtoto peke yake si pingamizi la ndoa. Cheti anaweza kukipata, na kinachobaki ni wajibu wa matunzo, ambao paroko anaufuatilia kwa kanuni ya 1071. Akisema alioa kwa mila na wameshindwana, njia yake ni talaka, na kwa sheria yetu talaka hutolewa na mahakama, kwa kawaida baada ya shauri kupita katika baraza la usuluhishi la ndoa. Kurudisha mahari au kuachana mbele ya wazee hakutoshi kuivunja ndoa hiyo serikalini. Akisema waliishi pamoja na watu wakawaona mume na mke, ila hapakuwa na mila yoyote, basi aende mahakamani kuomba hali yake itamkwe. Huko mama wa mtoto atasikilizwa, na matunzo yatapangwa. Hukumu atakayotoka nayo ina nguvu RITA, ubalozini na Ujerumani kuliko barua kumi za parokia.

Baada ya hapo ndipo bibi arusi aombe cheti chake, taarifa ya siku 21 itolewe, arusi ifungwe, na cheti cha ndoa kipelekwe ubalozini. Kwa viza ya mwenza wa raia wa Ujerumani, wote wawili wawe wametimiza miaka 18, na kwa kawaida anayeomba aonyeshe Kijerumani cha ngazi ya kwanza kabisa, inayoandikwa A1. Kijana anaweza kujifunza lugha hiyo katika miezi ile ile anayosubiri mahakama, na hapo muda wa kusubiri haupotei.

Kwa upande wetu wa ofisi ya parokia, tunapendekeza jambo dogo: barua iandike kile tunachokijua tu. Badala ya "nathibitisha kwamba fulani hajaoa", iandikwe: "Katika kitabu cha ubatizo cha parokia hii, pembeni mwa jina la fulani, hakuna kumbukumbu ya ndoa iliyofungwa kanisani hadi tarehe ya leo. Barua hii haihusu ndoa ya kiserikali, ya mila wala ya dini nyingine." Mtu akilalamika kwamba barua hiyo haimtoshi, tumwambie ukweli kwamba hilo swali lingine linajibiwa na RITA na mahakama, na tumsindikize huko.

Na kabla ya kuandika hata barua hiyo, paroko au katekista amuulize kijana maswali mawili akiwa peke yake: uliwahi kuishi na mtu watu wakawaona mke na mume? Una mtoto, na nani anamtunza leo? Fomu zetu za uchunguzi wa wachumba zinauliza kuhusu ndoa za awali, na wengi wanajibu "hakuna" kwa moyo mweupe kwa sababu kwao ndoa ni ile ya kanisani. Tukiuliza kwa maneno wanayoyaelewa, tutapata majibu mengine. Sisi tutakaokabidhiwa leseni za kufungisha ndoa miaka michache ijayo tungependa kuanza kuuliza hivyo sasa, tukiwa bado tunaandaa rasimu tu.